Barua ya wazi: Msiwatoe mchezoni watoto ambao bado hawajui kuruka

Waheshimiwa mnaoandaa mihtasari, ratiba, miongozo ya walimu na fomu za tathmini kwa elimu ya awali na madarasa ya mwanzo,

Salamu kwenu. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka minne hadi minane. Nawaandikia kuhusu jambo ambalo mtu mzima akilitazama huliona dogo: mtoto kuruka kwa mguu mmoja. Kukimbia, kurusha na kudaka nitaviacha kwa leo. Nimechagua kuruka kwa mguu mmoja kwa sababu hapo ndipo naona wazi jinsi tunavyodhani tunafundisha, kumbe tunapima tu, kisha tunawaweka pembeni wale ambao kipimo kimewakataa.

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kama mwongozo ulivyoniagiza. Kipindi kilikuwa cha dakika 30, watoto 40, foleni mbili. Mtoto wa mbele anaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye mstari, anarudi akitembea, anamgusa mwenzake, anakwenda nyuma ya foleni. Siku moja nilikaa na saa nikahesabu. Kutoka darasani, kupanga foleni na kuelezana zilikwenda dakika kumi. Zikabaki 20. Kila mtoto alitumia sekunde 15 kwenda na kurudi, kwa hiyo foleni ya watoto 20 ilimaliza mzunguko mmoja kwa dakika tano. Mizunguko minne, basi. Kila mtoto alipata dakika moja ya kushiriki katika kipindi kizima, na nusu ya dakika hiyo alikuwa anatembea kurudi. Sekunde 30 za kuruka, tena kwa wiki nzima, maana kipindi kilikuwa kimoja kwa wiki.

Mchezo mwingine wa mwongozo huo, tuliocheza wiki nyingine, ulikuwa mbaya zaidi, ingawa watoto waliupenda. Wote wanaruka kwa mguu mmoja, anayeshusha mguu anatoka na kukaa chini, wa mwisho ndiye mshindi. Nikiwatazama waliokaa, niliona sura zilezile za wiki iliyopita na ya wiki iliyotangulia. Aliyetoka wa kwanza alikuwa ameruka mara moja tu. Aliyebaki hadi mwisho, ambaye tayari alikuwa anajua, ndiye aliyepata mazoezi mengi kuliko wote. Mchezo wenyewe ulikuwa umepangwa ili asiyejua aendelee kutojua.

Najua jibu ambalo baadhi yenu hunipa: mwacheni mtoto acheze, atajua mwenyewe, mbona sisi tulijua bila kufundishwa? Uhuru wa kucheza siupingi hata kidogo, na watoto wangu wanaupata kila siku. Lakini Logan na wenzake, katika uchambuzi wao wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti mbalimbali za kufundisha stadi za mwendo, waliona kwamba watoto waliofundishwa kwa mpango walipiga hatua, ilhali wale walioachwa na mchezo huru peke yake hawakuonyesha maendeleo ya maana. Sababu unaiona ukisimama uwanjani. Katika mchezo huru mtoto hufanya anachokiweza. Anayeyumba kwa mguu mmoja huchagua kukimbia. Hana kosa, ni akili yake tu. Na wale mnaosema mlijua bila kufundishwa, kumbukeni pia wenzenu waliokuwa wakisimama ukutani.

Sasa niwaonyeshe kinachotokea mwilini, kwa sababu naamini fomu zetu zimeandikwa na watu ambao hawajapata nafasi ya kukitazama kwa karibu.

Mtoto anayeanza kuruka kwa mguu mmoja hukunja mguu mwingine na kuushikilia mbele yake, paja limeinuka, umekaa tu hapo kama mzigo. Hajui bado kuisukuma ardhi. Anachofanya ni kujinyofoa: anavuta nyonga juu kwa ghafla, unyayo unaachana na ardhi kidogo sana, halafu mwili unaanguka mbele na mguu wa pili unashuka kumwokoa. Mikono yake imepanuliwa kando au imeinuliwa, inatapatapa kutafuta mizani. Akitua unasikia pwaa, unyayo mzima kwa pamoja, goti limekakamaa. Ukifumba macho unaweza kumjua kwa sauti tu.

Hatua inayofuata, mguu ulioinuliwa unashuka na kurudi nyuma, goti likielekea chini na unyayo ukiwa nyuma ya mguu wa kurukia. Hapo mtoto anaweza kurudia mara mbili, tatu, nne, maana uzito hauko tena mbele ukimvuta. Baadaye sana, mguu huo huanza kubembea mbele na nyuma kama bembea, na hapo ndipo kuruka kwa kweli kunapoanza: kubembea kwake kunauvuta mwili juu na mbele wakati mguu wa kurukia unajinyoosha na kusukuma. Mikono nayo hujikunja na kuingia kwenye mdundo. Kutua kunakuwa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti likikunjika kidogo, na ile pwaa inapotea.

Ukishaziona hatua hizi, utashtuka kusikia tunachowaambia watoto. Walimu wengi, nami nikiwa mmojawao, humpigia kelele mtoto anayehangaika: “Inua mguu! Juu zaidi!” Naye kwa utii anainua paja mbele, juu zaidi, yaani tunamgandisha kwenye hatua ileile ya kwanza anayopaswa kuondoka. Neno linalomsaidia ni kinyume chake: goti litazame chini, unyayo utazame nyuma. Na liwe hilo moja tu kwa siku hiyo. Ukimwambia kuhusu mikono, goti na kutua kwa pamoja, mtoto wa miaka mitano atasimama akutazame.

Niwape mfano wa mtoto mmoja. Alikuwa mvulana wa miaka sita, darasa la kwanza. Kwenye fomu ya tathmini nilimwandikia kama fomu ilivyotaka: “Hajaweza.” Neno hilo halikumsaidia yeye, wala mimi, wala mwalimu aliyempokea. Mwaka uliofuata alirudi kwangu kwa mpangilio mwingine wa madarasa, na safari hii nilimtazama kabla ya kumpima. Kwa mguu wa kulia alisimama sekunde tatu hivi, kwa wa kushoto hata moja haikutimia. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida husimama kwa mguu mmoja sekunde kumi hivi au zaidi. Kwa hiyo tatizo lake halikuwa kuruka. Tulikuwa tunamdai kuruka kutoka kwenye mguu ambao haukuwa tayari hata kumsimamisha.

Tukaanzia kwenye mizani, darasa zima, bila kumtaja yeye. Mchezo tuliuita korongo. Watoto wanatembea huku na huko kama kundi la ndege majini. Nikipiga kofi moja, kila mmoja anasimama kwa mguu mmoja. Nikipiga makofi mawili, wanabadilisha mguu. Anayeshusha mguu anauinua tena na kuendelea, hakuna anayetoka. Anayeyumba sana anaweza kumshika mwenzake bega, au kusimama karibu na ukuta na kuugusa kwa kidole. Niliwaambia wachague kitu kimoja cha mbali wakitazame, kwa sababu macho yakizunguka, mwili nao hufuata. Tulicheza dakika tatu au nne tu, kila siku, kisha tukaendelea na mengine. Kidole kikiacha ukuta bila mimi kusema, ndipo nilipojua mtoto yuko tayari kwa hatua inayofuata.

Sambamba na hilo tulifundisha kutua. Mtoto asiyejua kutua kwa miguu miwili hatajua kutua kwa mmoja. Wakawa mipira: nadundisha mpira kwa mkono wangu, nao wanadunda palepale walipo, miguu miwili, polepole nikipunguza kasi, haraka nikiiongeza. Kisha wakawa paka wanaoruka kutoka kwenye mstari bila kumwamsha mtu. Sikuhitaji kutaja goti. Mtoto akitafuta ukimya, goti hujikunja lenyewe. Ni baada ya hapo tu ndipo mipira ikaanza kudunda kwa mguu mmoja, palepale, mara mbili au tatu, halafu mguu wa pili. Kwa yule mvulana nilimpa mkono wangu aushike, tena kwa ncha za vidole ili asijiegemeze.

Wiki ya tatu tukaingia kwenye kijito, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu ninayotamani kuiona katika miongozo yenu. Mwaka 1966 Muska Mosston, mwalimu wa walimu wa elimu ya viungo, alieleza jambo la kamba. Ukiinyoosha kamba kwa usawa na kuwaambia watoto wairuke, kisha ukaipandisha kila mzunguko, unawatoa mmoja mmoja mpaka abaki mmoja. Ukiinamisha, upande mmoja chini na mwingine juu, kila mtoto anapata mahali pa kurukia, na hakuna anayetoka. Kamba ni ileile, watoto ni walewale, kilichobadilika ni mwinamo tu.

Mimi niliupeleka mwinamo huo ardhini kwa chaki. Nilichora mistari miwili inayoanzia karibu sana, kiganja kimoja tu katikati, ikizidi kuachana hadi upana wa hatua kubwa ya mtu mzima. Hicho ndicho kijito. Watoto wanatawanyika kando yake, kila mmoja anachagua pa kuvukia: kwanza kwa miguu miwili, halafu kwa mguu mmoja. Akivuka mara tatu bila kulowa, anasogea kuelekea kwenye upana. Akilowa, anachagua mwenyewe kubaki au kurudi. Kwa watoto 40 nilichora vijito vinane, watano kila kimoja. Nilihesabu tena kwa saa: katika dakika kumi, mtoto mmoja aliruka zaidi ya mara 60. Linganisheni na zile sekunde 30 za foleni.

Siku za kwanza wadogo wengi walikimbilia upande mpana na kulowa wote. Msijaribu kuwazuia. Mtoto wa miaka minne au mitano hapimi uwezo wake kama mtu mzima. Akijitahidi sana, huhesabu kuwa ameweza. Kujiamini huko kunamfanya arudie mara nyingi, na kurudia ndiko kunakomfundisha. Kadiri anavyokaribia miaka saba au minane anaanza kujilinganisha na wenzake na kujijua alivyo. Akifika hapo akiwa bado hawezi, ataanza kukwepa, atasema anaumwa tumbo siku ya michezo. Hii ndiyo sababu nasema miaka ya chekechea na ya darasa la kwanza na la pili tusiipoteze kwenye foleni.

Yule mvulana alianzia kwenye ncha nyembamba kabisa ya kijito, akikanyaga mstari kila mara. Wiki ya tano niliona unyayo wake umeenda nyuma. Hakuna aliyemwambia siku hiyo. Wiki ya nane aliruka mara sita mfululizo kwa mguu wa kulia na mara tatu kwa wa kushoto. Mguu wake ulikuwa bado haujaanza kubembea, mikono bado imepanuka. Kwa fomu yetu, ambayo inataka kuruka mara kumi kwa kila mguu, bado angeandikiwa “Hajaweza.”

Lazima niseme pia mahali ambapo mambo huharibika, maana sitaki mtu achukue kijito changu na kukirudisha kwenye foleni au kukigeuza hatari. Mchanga mlaini mwingi humeza msukumo. Mtoto anasukuma, ardhi inazama, haruki. Mchanga unafaa kwa kutua tu. Sakafu laini yenye maji inateleza. Ndala na viatu vikubwa kuliko mguu humwangusha mtoto ambaye bila viatu angeweza, kwa hiyo penye ardhi safi mimi huwaacha pekupeku. Kamba, mkiitumia badala ya chaki, isifungwe ncha zote mbili: ishikwe kwa ulegevu ili mtoto akiigusa idondoke. Na kuruka kwa mguu mmoja huchosha misuli ya mguu haraka sana. Anayeanza akiruka mara nane au kumi mfululizo, anayumba kwa uchovu wala si kwa kutojua, na mwalimu asiyelifahamu hilo atamsahihisha bure. Mpe mchezo mwingine, mrudishe baadaye.

Kuna pia watoto ambao mchezo hautoshi kuwasaidia. Mguu mmoja kuwa hodari kuliko mwingine ni kawaida. Lakini upande mmoja ukibaki vilevile wiki nyingi huku upande wa pili ukiendelea vizuri, au mtoto akichechemea, akilalamika maumivu, au akipoteza alichokuwa anaweza, huyo apelekwe kwa mtaalamu wa afya. Mwalimu anayewatazama watoto wake kwa karibu kila siku atalitambua mapema. Mwalimu anayewaona sekunde 30 kwa wiki hawezi.

Basi, ninachowaomba.

Ondoeni kwenye miongozo ya madarasa haya michezo yote ambayo anayekosea anatoka. Haihitaji fedha, inahitaji mtu wa kupitia kurasa na kubadilisha kanuni: anayeshusha mguu auinue tena. Foleni nazo ziondoke, isipokuwa pale kifaa ni kimoja na hakuna njia nyingine.

Badala ya kile kipindi kimoja cha wiki, wekeni muda mfupi kila siku. Dakika 12 au 15 kila siku zinafaa kuliko dakika 30 siku ya Ijumaa, kwa sababu mwili wa mtoto unajifunza mizani kwa kurudia kidogo kidogo, na kwa sababu kipindi cha Ijumaa ndicho cha kwanza kufutwa kukiwa na mtihani au mgeni. Nafahamu kwamba ratiba imejaa. Nimejaribu kuziweka dakika hizo mara tu baada ya paredi ya asubuhi, watoto wakiwa tayari wako nje, na sikupoteza muda wa kutoka na kurudi.

Mafunzo kwa walimu yafanyike uwanjani, watoto wakiwepo. Nimehudhuria semina za stadi za mwendo nikiwa nimekaa kwenye kiti siku tatu. Siku moja ya kuwatazama watoto kumi wakiruka, mwezeshaji akituuliza “mguu ulioinuliwa uko wapi?”, ingenifaa zaidi. Swali hilo moja linatosha kumwanzisha mwalimu. Akishajua kuangalia mguu ule, ataanza mwenyewe kuangalia mikono na kutua.

Na fomu. Sitaki iongezwe kurasa. Walimu wamechoka kujaza. Naomba ile safu ya “Ameweza / Hajaweza” iondolewe, mahali pake mwalimu aandike alichokiona, kwa maneno machache: anasimama sekunde ngapi kwa kila mguu, mguu ulioinuliwa uko mbele, uko nyuma au unabembea, anatua kwa kishindo au kwa ukimya. Kwa yule mvulana ningeandika: “Kulia mara sita, kushoto mara tatu, mguu uko nyuma, bado haubembei, anatua kimya.” Mwalimu ambaye angempokea angejua aanze naye wapi siku ya kwanza.

Fomu mpya, kwa ninavyojua, huchapwa kabla ya muhula kuanza. Ikiwa mnahitaji kuona kwanza, njooni uwanjani asubuhi yoyote baada ya paredi. Vijito vimechorwa, na watoto wamezoea kutazamwa.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa madarasa ya mwanzo